Gemu inatetemeka kwenye skrini ya hezi 144: ubaki na delta taimu, uende hatua sawa, au hatua sawa pamoja na interpolesheni?

Hii naandika kwa sababu nimepita njia zote nne na mhusika yuleyule mmoja, kwa hiyo naweza kuziweka bega kwa bega bila kubahatisha. Mhusika mwenyewe ni wa kawaida tu, anakimbia mita 6 kwa sekunde, akiruka anaanza na mita 6 kwa sekunde kwenda juu, mvutano nimeuweka 18. Ukipiga hesabu ya darasani anatakiwa kufika urefu wa mita 1 kamili, na mbele yake nimeweka jiwe la mita 0.93 apande. Kwangu alikuwa anapanda kila mara. Nikampa jamaa yangu mwenye laptopu ya zamani inayotoa fremu 30 hivi kwa sekunde, akaniambia "mzee hilo jiwe halipandiki, nimejaribu mara ishirini". Nikadhani hajui kubonyeza, kumbe yeye ndo alikuwa sahihi.

Njia ya kwanza: delta taimu, kila fremu na muda wake

Hii ndo wengi tunaanzia. Unapima fremu iliyopita imechukua muda gani, unazidisha spidi kwa muda huo, unasogeza kitu. Kwa kukimbia tambarare haina tatizo kabisa, mita 6 kwa sekunde ni mita 6 kwa sekunde hata fremu zikiwa ndefu au fupi, na jicho linaona ulaini kwa sababu kila fremu mpya ina nafasi mpya.

Shida inaanza spidi yenyewe ikiwa inabadilika, kama kwenye kuruka. Injini nyingi na sisi wenyewe tukiandika kwa mkono tunafanya hivi, kwanza punguza spidi kwa mvutano, alafu sogeza kwa spidi mpya. Kwenye fremu 60 kwa sekunde kila fremu inakula 0.3 ya spidi, kwa hiyo mhusika anapanda fremu 20 kabla spidi haijaisha, ukijumlisha vipande vyote unapata mita 0.95. Kwenye fremu 30 kila fremu inakula 0.6, zinakuwa fremu 10 tu, jumla ni mita 0.90. Kwenye fremu 120 ni mita 0.975. Umeona sasa? Kodi ni ileile, namba ni zilezile, ila jiwe la mita 0.93 kwa mwenye fremu 60 linapandika na kwa mwenye fremu 30 halipandiki hata akeshe.

Kuna watakaosema tumia hesabu nzuri zaidi, ongeza na nusu ya mvutano mara muda mara muda, na ni kweli hapo urefu wa kuruka unakuwa karibu sawa kwa wote. Nilifanya hivo pia. Ila hiyo inatibu kuruka tu. Bado una msuguano ulioandika kama `spidi *= 0.9` kila fremu, ambao kwa sekunde moja unapigwa mara 30 kwa huyu na mara 60 kwa yule, bado una springi zinazofumuka fremu ikirefuka, na bado una kugongana. Fremu moja ikikwama milisekunde 50, kwa mfano diski inasoma faili, mhusika anayeanguka kwa mita 6 kwa sekunde anasogea sentimita 30 kwa mkupuo mmoja, na kama jukwaa lako lina unene wa sentimita 20 na unakagua miguu tu, bila njia nzima aliyopita, basi fremu hii miguu iko juu yake, fremu inayofuata iko chini yake, haijagusa kitu. Mbaya zaidi ni kwamba hitilafu ya namna hii huwezi kuirudia kwenye mashine yako ukaichunguza, kwa sababu muda wa fremu zako haurudi kuwa uleule hata ucheze mara mia.

Kwa hiyo delta taimu mimi nimeiachia vitu ambavyo hakuna anayevigonga. Moshi, cheche, menyu inayoingia kutoka pembeni, mwanga unaopepesa. Huko ndo mahali pake na inafanya kazi safi, sioni sababu ya kuipeleka vitu hivo kwenye mitambo mikubwa.

Njia ya pili: hatua sawa, unachora ulichonacho

Nikahamia hatua sawa. Wazo ni kwamba fizikia haijui kabisa habari za fremu. Fizikia inatembea kwa hatua ya 1/60 ya sekunde, yaani milisekunde 16.67, siku zote, kwa kila mtu. Muda wa fremu unauweka kwenye kibubu, na kila kibubu kikifikisha milisekunde 16.67 unatoa kiasi hicho na kupiga hatua moja. Kikiwa na za hatua mbili unapiga mbili. Kikiwa hakijafika hupigi kitu, unasubiri fremu ijayo ijaze.

Jiwe likaanza kupandika kwa kila mtu, mita 0.95 kwa wote, laptopu ya zamani na mpya. Na hapo ndo jamaa mwingine, huyu ana monita ya hezi 144, akaniandikia "mbona kila kitu kinatetemeka, toleo la kwanza lilikuwa laini". Nikabisha, kwangu ni laini. Alikuwa sahihi naye.

Tuiangalie kwa karibu maana hapa ndo kuna kiini cha mambo yote. Fremu ya hezi 144 ni milisekunde 6.94. Fremu ya kwanza kibubu kina 6.94, hakuna hatua. Ya pili kina 13.89, hakuna hatua. Ya tatu 20.83, hatua moja inapigwa, inabaki 4.17. Ya nne 11.11, hakuna. Ya tano 18.06, hatua. Ukiendelea hivo, ndani ya fremu 12 hatua zinapigwa kwenye fremu ya 3, ya 5, ya 8, ya 10 na ya 12. Mhusika anayekimbia mita 6 kwa sekunde anasogea sentimita 10 kila hatua, kwa hiyo anachoona mchezaji ni hiki: simama, simama, sentimita 10, simama, 10, simama, simama, 10, simama, 10. Wakati alitakiwa kusogea sentimita 4.17 kila fremu bila kusimama popote. Namba ya fremu kwa sekunde inasoma 144 safi kabisa, ndo maana ukiangalia kaunta unasema hakuna tatizo, lakini jicho halidanganyiki.

Na usidhani mwenye skrini ya hezi 60 amepona. Skrini nyingi zinazoitwa 60 kiukweli ni 59.94, kwa hiyo kila fremu ni ndefu kidogo kuliko hatua yako, kile kidogo kinajikusanya kwenye kibubu, na baada ya kama sekunde 16 au 17 kibubu kinakuwa na hatua nzima ya ziada, fremu hiyo inapiga hatua mbili na mhusika anaruka sentimita 20. Ingekuwa mara moja tu kila sekunde 17 ungevumilia, ila kibubu kikiwa karibu na ule mpaka na vipimo vya saa vinayumbayumba kidogo, unapata fremu ya hatua sifuri, ya hatua mbili, sifuri, mbili, kwa muda fulani, alafu kunatulia. Mtu akikuambia gemu "inashikwa kwikwi kila baada ya muda fulani alafu inakaa sawa" na vipindi vinafanana, anza kushuku hili kabla hujalaumu kadi ya grafiki.

Njia ya pili peke yake inafaa sehemu moja ninayoiamini, pale unapoweza kufunga mambo yaende hatua moja kwa fremu moja. Gemu nyingi za kupigana zinakwenda hivo, fremu 60 zilizofungwa, kila fremu ni hatua moja, na mchezaji anahesabu mapigo kwa fremu. Ukiwa unajua mashine na skrini ya mchezaji, hiyo ni nzuri mno kwa sababu haina ucheleweshaji wa ziada. Ukiwa unatoa gemu kwa kila mtu na kila skrini, haikufai.

Kuna wanaojaribu kukwepa kwa kuongeza kasi ya fizikia, wanaweka hatua 240 kwa sekunde wakiamini kutetemeka kutaisha. Kunapungua ila hakuishi, maana fremu moja inapata hatua moja na nyingine hatua mbili, sentimita 2.5 alafu 5, na umelipa mara nne ya kazi ya prosesa. Kingine, ukibadilisha hatua katikati ya kazi kila mruko unabadilika, mhusika wetu anatoka mita 0.95 anaenda 0.9875, na ramani yote uliyopima kwa mkono unaipima upya. Hatua chagua mapema alafu iache.

Njia ya tatu: hatua sawa, ila unachora kati ya hali mbili

Kuchora hivi ndo kunaitwa interpolesheni, ndo njia niliyobaki nayo na ndo nakushauri kama gemu yako ina kugongana na itachezwa kwenye skrini usizozijua. Fizikia inabaki vilevile, haiguswi hata nukta. Unachobadilisha ni kuchora tu. Badala ya kutunza hali moja ya kila kitu unatunza mbili, ile ya hatua iliyopita na ya hatua hii, na ile chenji iliyobaki kwenye kibubu, ambayo njia ya pili ilikuwa inaiacha tu, ndo inakuambia uchore sehemu gani kati ya hizo mbili.

```
kibubu += min(muda_wa_fremu, 0.25)
while kibubu >= hatua:
    awali = sasa
    sasa = fizikia(awali, hatua)
    kibubu -= hatua
a = kibubu / hatua
chora(awali + (sasa - awali) * a)
```

Turudi kwenye monita ya 144 na namba zilezile. Tuseme nafasi ya awali ni 0 na ya sasa ni sentimita 10. Fremu ya kwanza kibubu kina 6.94, ukigawa kwa 16.67 unapata 0.417, unamchora kwenye 4.17. Fremu ya pili ni 0.833, unamchora kwenye 8.33. Fremu ya tatu hatua imepigwa, sasa awali ni 10 na mpya ni 20, kibubu kina 4.17 ambayo ni robo ya hatua, unamchora kwenye 12.5. Ya nne 16.67. Tofauti kati ya fremu na fremu ni sentimita 4.17 kila mara. Ndo ule ulaini wa delta taimu umerudi, na jiwe bado linapandika kwa watu wote.

Gharama yake ipo na ni lazima uijue. Unachora kati ya jana na leo, kwa hiyo siku zote unachoonyesha kiko nyuma kwa hatua moja nzima. Kwa hatua 60 ni milisekunde 16.67, kwa hatua 50 ni milisekunde 20, kwa hatua 30 ni milisekunde 33. Mimi kwenye gemu ya kukimbia na kuruka, 16.67 siisikii, 33 naisikia kwenye kidole. Hapa sasa ndo kuongeza hatua hadi 120 kuna maana, unashusha ucheleweshaji hadi milisekunde 8.3, kama prosesa inaruhusu. Na ukiwa na gemu ya mtazamo wa mchezaji mwenyewe, mzunguko wa kichwa unaotoka kwenye mausi usiupitishe huku kabisa, uweke moja kwa moja kila fremu, nafasi ya mwili tu ndo ipite kwenye interpolesheni. Mkono unahisi mausi ikichelewa haraka kuliko jicho linavyohisi mwili ukichelewa.

Ile `0.25` kwenye kodi sio pambo. Kama hatua moja ya fizikia inachukua milisekunde 20 kuhesabiwa wakati yenyewe ni ya milisekunde 16.67, kila fremu inaacha deni kubwa kuliko iliyopita, fremu ijayo inapiga hatua nyingi zaidi, inachelewa zaidi, mpaka gemu inaganda kabisa. Kikomo kinasema hata fremu ikichukua sekunde tatu, hesabu robo sekunde tu. Gemu itaonekana kama imepunguza mwendo, ambayo ni afadhali kuliko kuganda.

Pia usitegemee njia hii ifiche fremu iliyokwama. Fremu ikichukua milisekunde 50, hatua tatu zinapigwa na mhusika anaonekana karibu sentimita 30 mbele, hiyo ni haki yake, muda umepita kweli. Interpolesheni inaondoa mtetemo unaotokana na hatua na fremu kutolingana, haiondoi uzito wa mashine.

Yanayoharibika ukiiweka, na unavyoyatambua

Hapa nilikaa wiki nzima kwa hiyo nitakaa kidogo.

La kwanza na lililonisumbua kuliko yote ni kamera. Nilimaliza kuweka interpolesheni, nikawasha, mhusika akawa anatetemeka vibaya kuliko mwanzo. Nikaangalia namba za mhusika, ziko safi, 4.17, 4.17, 4.17. Kumbe kamera yangu ilikuwa inamfuata ndani ya hatua ya fizikia, inafuata nafasi ghafi, kwa hiyo yenyewe inasimama, inasimama, inaruka 10, wakati mhusika anateleza. Dalili yake ni hii, mhusika anatetemeka huku na huku palepale katikati ya skrini, na mandhari ya nyuma inakwenda kwa mikupuo. Dawa ni kamera isogee kila fremu, baada ya nafasi za kuchora kupatikana, na ifuate ile nafasi iliyochanganywa, isifuate ile ya fizikia. Ukiona kitu kimoja kinatetemeka jiulize kwanza kinatetemeka ukikilinganisha na nini.

La pili ni kuhamisha ghafla. Mhusika akifa ukamrudisha mwanzo wa ramani, awali iko huku na sasa iko kule, na fremu mbili tatu zinamchora akipita hewani katikati ya ramani kama mshale. Ukimhamisha, andika nafasi mpya kwenye zote mbili, awali na sasa. Kwenye injini ya Godoti kuna amri yake kabisa, `reset_physics_interpolation()`, unaiita baada ya kumhamisha.

La tatu ni pembe. Kitu kilichokuwa nyuzi 350 kikaenda nyuzi 10 kimegeuka nyuzi 20 tu, lakini ukichanganya namba hizo kijinga utapata katikati nyuzi 180, na utaona kinapiga mzunguko wa kinyume kwa fremu moja. Chukua njia fupi, au kwa vitu vya pande tatu tumia kwaterinioni na uchanganye kwa njia yake.

La nne ni vitufe. Kwenye fremu 144 kuna fremu nyingi zisizo na hatua hata moja. Kama unauliza "kitufe kimebonyezwa fremu hii?" ndani ya hatua ya fizikia, jibu la ndiyo linaweza kutokea kwenye fremu ambayo hatua haikupigwa, na mruko unapotea. Mchezaji anasema "nimebonyeza haijaruka" na kwako hairudii. Soma kitufe kwenye fremu, weka alama, hatua ikija iitumie na kuifuta. Usipoifuta, fremu yenye hatua mbili itarusha mara mbili.

Alafu kuna majukwaa na lifti, vile vitu vinavyosogezwa na animesheni. Jukwaa likisogezwa kila fremu na animesheni wakati mhusika aliyesimama juu yake anasogezwa na hatua, miguu itateleza na kuchezacheza juu ya jukwaa, kwa sababu kila mmoja anaishi kwenye saa yake. Jukwaa ambalo mtu anaweza kulikanyaga, hata kama njia yake ni wimbi rahisi la `sin`, lipeleke kwenye hatua ya fizikia, litunzie awali na sasa, alafu lichorwe kwa ile `a` ileile ya mhusika. Miguu ikitulia utaona tofauti hapohapo. Bendera inayopepea nyuma, ambayo hakuna anayeikanyaga, iache na delta taimu yake.

Ya mwisho ni ya hila kidogo. Hata ukipanga kila kitu sawa, muda wa fremu unaoupima kwa saa ya kompyuta hauko tuli, unaweza kusoma 16.1 alafu 17.3 wakati skrini yenyewe imeonyesha fremu kwa vipindi sawasawa kwa sababu `V-Sync` imewashwa. Interpolesheni inaamini kipimo chako, kwa hiyo inachora huo uyumbaji kama mtikisiko mdogo sana. Ninachofanya, kama kipimo kiko karibu mno na muda halisi wa fremu ya skrini nakichukulia kuwa ndo huo muda, na ile tofauti ndogo naitunza pembeni ili saa isiachane na ukweli. Hili fanya mwisho kabisa, baada ya mengine yote kuwa sawa, maana ukianza nalo utakuwa unatibu dalili isiyo ya ugonjwa wako.

Njia ya nne: kubashiri mbele

Wapo wasiotaka ule ucheleweshaji wa hatua moja hata kidogo. Wao wanachukua hali ya sasa na kuisukuma mbele kwa spidi yake mara muda uliobaki kwenye kibubu. Hakuna haja ya kutunza awali, na picha haiko nyuma. Kwenye karatasi inaonekana imeshinda.

Tatizo ni kwamba inabashiri bila kujua kuna nini mbele. Mhusika wetu anarudi chini kwa mita 6 kwa sekunde, miguu iko sentimita 3 juu ya ardhi, kibubu kina 0.8 ya hatua. Ubashiri unamsogeza sentimita 8 chini, kwa hiyo unamchora miguu ikiwa imezama sentimita 5 ndani ya ardhi. Fremu inayofuata hatua inapigwa, fizikia inasema amesimama juu ya ardhi, anachomoka. Kila akitua anazama na kuchomoka. Akigeuka ghafla akiwa anakimbia, anachorwa hadi karibu sentimita 10 mbele alafu anarudishwa. Kwenye gemu ya kuruka na kugongana hili linaonekana waziwazi na mimi sikuweza kulivumilia.

Linavumilika kwa vitu vizito visivyobadili mwelekeo ghafla, gari linalokwenda kasi, meli, sayari. Kama kitu chako hakigongi mara kwa mara na mchezaji anahisi kuchelewa, jaribu. Sio lazima gemu nzima iwe njia moja, unaweza kuchagua kitu kwa kitu.

Kwa wanaotumia injini za tayari

Yuniti hatua yake ya kuanzia ni sekunde 0.02, yaani hatua 50, ipo kwenye `Time.fixedDeltaTime`, na kila `Rigidbody` ina chaguo la `None`, `Interpolate` au `Extrapolate`. Inakuja ikiwa `None`, kwa hiyo kama hujawahi kuigusa basi uko kwenye njia ya pili bila kujua, na hatua 50 juu ya skrini ya 60 inatetemeka kwa uhakika, kila fremu ya sita inarudia picha ya nyuma. Weka `Interpolate` kwa mhusika na vitu ambavyo kamera inavitazama, na ukishaweka usimsogeze tena kwa kuandika nafasi yake moja kwa moja ndani ya `Update`, maana unaivunja. Godoti inaanzia hatua 60 na interpolesheni inawashwa kwenye mipangilio ya mradi, ni `physics/common/physics_interpolation`, kwenye Godoti 4 upande wa 2D imekuja toleo 4.3 na 3D toleo 4.4. Na kama unadhani hatua chache haziwezi kuwa laini, Mainkrafti inakwenda hatua 20 tu kwa sekunde, viumbe wanaonekana wanatembea vizuri kwa sababu wanachorwa kati ya hatua.

Nikichagua leo kwa ajili ya mtu mwingine naanza na swali moja tu, kuna kitu kinagonga kitu? Kama hapana, delta taimu inatosha, usijisumbue. Kama ndiyo, hatua sawa 60 na interpolesheni. Ukihisi kuchelewa mkononi nenda 120 kabla hujafikiria kubashiri. Ukijua skrini ya kila mchezaji, funga hatua moja kwa fremu moja uokoe ile hatua ya nyuma.

Na kabla hujampa mtu aijaribu, fanya hivi. Shusha hatua hadi 10 kwa sekunde, kwa muda tu, alafu cheza. Kila kitu ulichokisahau kitaanza kurukaruka mara kumi kwa sekunde mbele ya macho yako, kamera, kivuli, silaha iliyoshikwa mkononi, kile kibao cha jina juu ya kichwa. Vilivyo sawa vitateleza, ila vitakuwa vimechelewa sehemu ya kumi ya sekunde nyuma ya kidole chako na hiyo ni kawaida. Usihukumu kuruka wala springi kwa hatua hiyo maana namba zote zimebadilika, unatazama ulaini tu. Mimi nilikuta kivuli cha mhusika kimebaki kwenye nafasi ghafi miezi yote hiyo, kwa hatua 60 sikuwahi kukiona, kwa hatua 10 kilikuwa kinadundadunda nyuma yake wakati yeye anateleza. Kirekebishe, rudisha 60, cheza tena.